Ukiniambia "futa akiba", nitashika mfuko wangu

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi ilinizidi, na sikukusudia kurudi hapa nikiwa na hasira. Lakini juzi rafiki alinitumia kwa WhatsApp zile slaidi za kutelezesha kwa kidole, tisa kwa jumla, ambazo kampuni moja nisiyoitaja ilizitoa Instagram. Zinamfundisha mwananchi jinsi ya kuwekeza katika bondi za serikali. Rangi nzuri, herufi nzuri, na mchoro wa mwanamke aliyeshika simu akitabasamu. Slaidi ya pili inasema hivi: "Hatifungani ni chombo cha madeni chenye kiwango maalumu cha riba na ukomo wa muda."

Nikaisoma mara tatu. Mimi ni mtu wa programu, nilisoma Kiswahili hadi kidato cha nne na nikakipenda, na bado ilibidi niigeuze iwe Kiingereza kichwani ndipo niielewe. Sasa nauliza: kama msomaji lazima ajue Kiingereza ndipo akielewe Kiswahili chako, ulikuwa unamtafsiria nani?

Msinielewe vibaya. Sitetei Kiingereza, na wala siwacheki wanaounda istilahi. Ninachopinga ni ile tabia ya kuchukua neno la kitaalamu, kulitafutia nomino ya Kiswahili kwenye kamusi, kulibandika kwenye slaidi kwa herufi kubwa, kisha kudhani kazi imekwisha. Kwenye slaidi usitafute nomino. Andika sentensi yenye mtu anayetoa, mtu anayepokea, kiasi, na siku. Kama jina lenyewe linahitajika kwa sababu msomaji atakutana nalo kwenye fomu au kwenye kitufe, liandike vilevile lilivyoandikwa huko, na lije baada ya sentensi, si kabla.

Nalisema hili kwa sababu mimi mwenyewe nimekosea, tena mbele ya watu wa nyumbani.

Shangazi yangu wa Likoni ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Mwaka jana walikuwa na pesa zimekaa benki bila kazi, wakataka kujua hizi bondi ni kitu gani. Shangazi akaniambia niwatengenezee "zile picha za kusukuma kwa kidole", maana ndizo wanazotumiana kwenye kundi lao. Nikaketi usiku mmoja nikazitengeneza. Slaidi ya kwanza niliandika kwa fahari: "Ijue dhamana ya serikali." Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Mwanangu, hapa nani kashikwa?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kwa Mkenya yeyote anayesikiliza habari, dhamana ni kile anachotoa mshtakiwa ili aachiliwe na mahakama. Kwa aliyewahi kukopa benki, dhamana ni hatimiliki ya shamba uliyoiacha kwa meneja, na usipolipa, shamba linaenda. Kwa mfanyakazi wa benki, dhamana ni karatasi ya serikali inayokupa pesa kila nusu mwaka. Neno moja, na katika maana mbili za kwanza wewe ndiye uliye mashakani, ilhali katika ya tatu wewe ndiye unayedai. Shangazi hakukosea hata kidogo. Alisoma Kiswahili alichokijua, na mimi nikawa nimemwandikia Kiswahili cha kamusi.

Nikajaribu "hatifungani". Akasema hajawahi kulisikia. Nikajaribu "bondi". Akasema hilo amelisikia redioni, lakini hajui ni nini, na alidhani ni kitu cha matajiri. Hapo ndipo nilipozinduka kwamba nilikuwa nikimbadilishia majina tu. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililomwambia pesa zinatoka wapi na kwenda wapi.

Basi tufanye kazi hii pamoja, hatua kwa hatua, tukitumia bondi ya mfano. Benki Kuu ya Kenya huuza bondi za serikali kwa watu wa kawaida kupitia mfumo wake unaoitwa DhowCSD, ulioanza kutumika mwaka 2023, na kiwango cha chini cha kununua bondi za kawaida ni Sh50,000. Tuseme bondi yetu ni ya miaka 5, inalipa shilingi 12 kwa kila 100 kwa mwaka, na umeinunua kwa bei yake kamili. Shilingi 12 kwa kila 100 katika Sh50,000 ni Sh6,000 kwa mwaka. Serikali hulipa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kila malipo ni Sh3,000. Bondi ya muda mfupi kama hii hukatwa kodi ya asilimia 15 kwenye malipo hayo, yaani Sh450, na mkononi unabaki na Sh2,550. Baada ya miaka 5 unakuwa umepokea malipo kumi kama hayo, na Sh50,000 zako zinarudi.

Sasa tazama slaidi zilivyogeuka.

Ya kwanza: "Unaikopesha serikali Sh50,000 kwa miaka 5."

Ya pili: "Kila miezi 6 inakulipa riba ya Sh3,000. Kodi ni Sh450. Unapokea Sh2,550."

Ya tatu: "Miaka 5 ikiisha, inakurudishia Sh50,000 zako."

Ya nne: "Mkopo huu unaoipa serikali unaitwa bondi. Kwenye magazeti utaona pia hatifungani au hati ya dhamana."

Angalia neno lililobeba mzigo: kukopesha. Hakuna mwanachama wa chama asiyejua kukopesha. Anajua kwamba aliyekopeshwa ana deni, anajua kwamba kuna siku ya kulipa, na anajua kwamba pesa ulizokopesha hazimo mfukoni mwako tena. Yote hayo yameingia bila kufafanuliwa, kwa sababu kitenzi kinakuja na watu wake. "Chombo cha madeni" hakina watu. Ukimuuliza msomaji wa slaidi ile ya kampuni kati yake na serikali nani anamdai nani, nina hakika wengi watajibu kinyume.

Kuna watakaoniambia slaidi haina nafasi ya sentensi, ndiyo maana tunatumia istilahi. Haya, tuhesabu. Slaidi ya wima ya Instagram huwa na upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1350. Acha ukingo wa 90 kila upande, unabaki na 900. Herufi za kusomeka bila taabu kwenye simu ndogo, tuseme za ukubwa wa 72, huchukua kwa wastani nusu ya hapo kwa upana, yaani 36. Kwa hiyo mstari mmoja una nafasi ya herufi 25 hivi. Ile tafsiri ya kampuni, "Hatifungani ni chombo cha madeni..." hadi mwisho, ina herufi 82 ukihesabu na nafasi. Hiyo ni mistari minne. Yangu ya "Unaikopesha serikali Sh50,000 kwa miaka 5." ina 42, mistari miwili. Nani amepoteza nafasi hapo? Istilahi huonekana fupi kwa sababu ni neno moja, lakini ukishaiandika inakudai maelezo yake, na maelezo hayo ndiyo yanayokula slaidi.

Tena slaidi si sura ya kitabu. Mwandishi wa kitabu anaweza kufafanua neno ukurasa wa 3 na kulitumia ukurasa wa 40. Sisi hatuwezi. Mtu akipita chapisho lako bila kulitelezesha, Instagram mara nyingi humrudishia baadaye likianzia slaidi ya pili. Mwingine anapiga picha slaidi ya sita peke yake na kuituma kwa dada yake. Kwa hiyo kama "bondi" imefafanuliwa slaidi ya nne tu, na ya saba inasema "uza bondi yako sokoni", dada yake amepata fumbo. Kila slaidi lazima ijitegemee, hata kama itabidi urudie "mkopo ulioipa serikali" mara tatu. Mwalimu wa insha atalalamika kuhusu marudio. Mwache alalamike.

Mpaka hapa ningeonekana nasema tu kwamba neno la kawaida ni bora kuliko la kitaalamu. Si hivyo. Neno la kawaida nalo linaweza kudanganya, na hudanganya vizuri zaidi kwa sababu halishukiwi. Hapa nataka tukae kidogo na neno "akiba".

Machi 2017 serikali ya Kenya ilianza kuuza bondi kwa simu ya mkono, kuanzia Sh3,000 tu. Ilikuwa ya miaka 3, ikilipa asilimia 10 kwa mwaka bila kodi, kwa hiyo mwenye Sh3,000 alilipwa Sh150 kila miezi sita. Waliita M-Akiba. Nilipolisikia jina hilo nilifurahi kweli. Hakuna hatifungani, hakuna dhamana. Kila mtu anajua akiba. Lakini akiba, kwa mama wa sokoni, ni zile pesa zilizofungwa kwenye kona ya leso, au zilizo kwenye simu, ambazo mtoto akiugua saa nane usiku unazichukua na kukimbia nazo hospitalini. Bondi haifanyi hivyo. Ukizitaka pesa zako kabla ya muda, serikali haikudaiwi siku hiyo. Inabidi utafute mtu mwingine wa kuinunua bondi yako kwenye soko la hisa, kwa bei atakayokubali yeye.

Na bei hiyo inaweza kuwa chini ya ulichotoa. Sababu yake si ngumu. Bondi yako inalipa shilingi 12 kwa kila 100. Mwaka unaofuata serikali inauza nyingine za muda kama huo zinazolipa 15. Nani atakupa Sh50,000 kamili kwa ya 12, na kwa pesa hizohizo anaweza kupata ya 15? Atakuambia upunguze. Neno "akiba" linalificha jambo hilo lote, kwa upole kabisa.

Kwa hiyo slaidi ya tano ya shangazi ilikuwa hii: "Ukizitaka pesa kabla ya miaka 5, serikali haitakurudishia. Utamwuzia mtu mwingine bondi yako. Huenda akakupa chini ya Sh50,000." Nilipewa ushauri na mtu wa masoko niitoe, kwa kuwa inatisha. Nikakataa. Ukichagua neno linaloeleweka halafu ukatoa ile sehemu ambayo neno hilo haliielezi, hapo umetega mtego.

Akiba hiyohiyo ilinifuata hadi kwenye programu. Weka simu yako ya Android kwa Kiswahili, ingia kwenye mipangilio, fungua orodha ya programu, chagua moja, kisha nenda kwenye sehemu ya hifadhi. Kwangu mimi nakuta vitufe viwili: "Futa hifadhi" na "Futa akiba". Cha pili ndicho wataalamu wanachokiita kufuta kache: vile vipande vya picha na kurasa ambavyo programu imejiwekea pembeni ili ifunguke haraka. Ukivifuta, hupotezi kitu. Programu itafunguka polepole mara ya kwanza, kisha itavikusanya tena. Cha kwanza ni jambo jingine kabisa: kinaiacha programu kama ilivyokuwa siku ulipoiweka, umetolewa kwenye akaunti, na chochote kilichohifadhiwa kwenye simu peke yake kimekwenda.

Sasa fikiria mimi, mjuaji, nimetengeneza programu ya kuwekea michango ya vyama, na nimeandika slaidi za msaada. Slaidi ya tatu: "Programu ikikwama, futa akiba." Katika programu ya kuweka akiba! Mzee mmoja mwanachama alinipigia simu kwa sauti ya mtu anayejizuia asitukane. "Kijana, hizo ni pesa za ada ya mjukuu wangu. Wewe waniambia nizifute?" Nikamwomba radhi. Jambo baya zaidi nililigundua baadaye: kuna wengine ambao hawakupiga simu. Waliogopa "Futa akiba", wakaona "Futa hifadhi" haina neno la pesa ndani yake, wakagusa hiyo, wakajikuta wametolewa na hawakumbuki neno la siri.

Je, nilaumu waliotafsiri Android? Kidogo tu. Mtu wa menyu ana shida yangu na zaidi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa OpenOffice kwa Kiswahili, walihitaji neno moja kwa kila kitu, fupi la kuingia kwenye kitufe, lisilobadilika hata likitokea mara mia mbili. Huwezi kuandika sentensi kwenye kitufe. Menyu inahitaji nomino, na lazima mtu aziunde, na nyingine zitakaa vibaya. Kosa letu ni kuzitoa nomino za menyu na kuzipeleka kwenye slaidi, mahali ambapo hakuna aliyetulazimisha.

Slaidi niliyoiandika badala yake ilikuwa hivi: "Programu ikikwama, gusa 'Futa akiba'. Hapa 'akiba' si pesa. Ni picha na kurasa ambazo simu imejiwekea. Pesa zako haziko ndani ya simu. Usiguse 'Futa hifadhi'." Ni ndefu, najua. Lakini ona kilichofanyika: neno la kitufe limeachwa vilevile, ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu ndilo atakaloliona. Ningekuwa mtakatifu wa lugha nikaandika "futa kache" au "safisha hazina ya muda", angefika kwenye mipangilio na kutafuta kitu ambacho hakipo. Ndiyo sababu pia siandiki "nywila" wala "pasiwadi" kwenye slaidi za msaada kama skrini yenyewe imeandika "nenosiri". Uzuri wa neno hauna maana pale. Linalotakiwa ni lifanane na la kwenye kioo, herufi kwa herufi.

Nina kijiamri kidogo ninachokitumia kabla ya kutoa slaidi zozote. Maandishi yote nayaweka kwenye faili za kawaida, moja kwa kila slaidi, kisha:

```
grep -inwE "riba|dhamana|akiba|hifadhi|faida|hisa" slaidi/*.txt
```

Hakisahihishi kitu. Kinanionyesha tu mstari wenye neno lenye sura mbili, nami nausoma upya nikijiuliza shangazi atauelewaje. Ile `-w` usiisahau, ni ya kutafuta neno zima. Bila hiyo, kila "takriban" itakuletea "riba" iliyomo ndani yake, na utadhani umeandika makala ya kibenki.

Na hapo nifike kwenye riba yenyewe, maana ndipo niliposikia ushauri mbovu kuliko wote. Yule mtu wa masoko aliniambia: watu wa pwani hawapendi neno riba, andika "faida". Anachosema ni kweli nusu. Kwa Muislamu riba si neno la uhasibu tu. Ni jambo lililokatazwa katika dini yake. Lakini malipo ya bondi ya kawaida ya serikali ndiyo hayo hasa: umekopesha, unalipwa nyongeza kwa sababu ya kukopesha. Ukiita faida, mtu ataelewa ni faida ya biashara, kama ile ya kuuza samaki kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia, na hiyo hana shida nayo. Umemwingiza kwenye kitu ambacho angekikataa, kwa kubadilisha neno. Huko si kurahisisha lugha. Watu hawa wana haki ya kuona neno lenyewe na kuamua. Ndiyo maana slaidi yangu ya pili imesema "riba" waziwazi, na Sh3,000 yake kando.

Kwenye mikopo ugomvi huu hugeuka upande wa pili. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30 na kuiita ada. Wengine wanasema ni riba, wengine ni gharama ya huduma, na wanasheria wanaweza kubishana mpaka kuche. Msomaji wa slaidi hahitaji kusubiri hukumu. Kwa ada hiyo ungemwandikia: "Unachukua Sh1,000. Ndani ya siku 30 unarudisha Sh1,075." Kiasi na siku vikishasemwa, jina halina tena nguvu ya kuficha. Ukitaka kuongeza kwamba akichukua mkopo huo kila mwezi, mwaka mzima atakuwa amelipa Sh900 kwa kushika Sh1,000 ileile, ongeza. Hiyo ndiyo slaidi ninayotamani mtu aitume kwa dada yake.

Watu wa Kiingereza nao nawajibu haraka. Mnasema kila Mkenya anajua "intaresti", kwa nini tujisumbue. Ni kweli analijua neno. Muulize asilimia 12 ya bondi ni kwa mwezi au kwa mwaka, ya pesa zipi, na inalipwa lini, ndipo utajua kama alilijua neno au sauti yake tu. Hilo halitegemei lugha. Slaidi ya Kiingereza yenye nomino tupu ina ugonjwa uleule.

Mtu ataniuliza nitajuaje kama slaidi imeeleweka. Usiulize "umeelewa?" Kila mtu mwenye adabu atakujibu ndiyo. Mpe simu, mwache asome peke yake, kisha chukua simu yako na umwambie akueleze kwa pesa zake mwenyewe: "Shangazi, mkitoa laki moja, Desemba mtakuwa na nini mkononi?" Akianza kukusomea maneno ya slaidi kama alivyoyakariri, hakuelewa. Akikupa hesabu yake kwa maneno yake, sikiliza maneno hayo kwa makini na uyaandike, maana huenda yakawa bora kuliko yako. Shangazi alipoieleza slaidi ya tano, hakusema "kuuza bondi kabla ya muda". Alisema "kumpa mwengine deni langu alidai yeye". Nimeiba sentensi hiyo, iko kwenye slaidi sasa.

Mwishowe hakununua. Alisoma slaidi ya pili, akanyamaza, akasema, "Hii ni riba mwanangu, sisi hatuli." Wanachama wengine wawili ambao si Waislamu wanafikiria kununua kwa majina yao. Mtu wa masoko angeliita hilo hasara, mimi sioni hivyo. Mmoja wa hao wawili ameniuliza jambo ambalo slaidi zangu zote hazikulijibu: na serikali nayo ikikosa kulipa, anaenda kumshtaki nani? Ninaandika slaidi ya sita usiku huu. Mpaka sasa ina mstari mmoja tu, "Hapa aliyekopa ni serikali, na hakuachia hatimiliki ya shamba lolote," na bado naona hautoshi.